Usaili wa haki: karatasi ya alama huandikwa kabla msailiwa hajabisha hodi

Jopo la kwanza nililowahi kukaa lilikuwa la watu wanne na halikuwa na karatasi hata moja mezani. Msailiwa wa kwanza aliulizwa kuhusu mahesabu, wa pili akaulizwa anasali wapi, wa tatu akapiga soga na mwenyekiti kuhusu shule waliyosoma wote wawili. Mwisho mwenyekiti akauliza, "Haya, nani kawavutia?" Tukamchukua aliyetuvutia. Miezi minane baadaye tukatangaza nafasi ileile upya.

Tangu hapo nimeandaa saili nyingi, na ninayoyaeleza hapa ni yale ninayoyafanya kila mara. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: SACCOS ya wafanyakazi inatafuta afisa mikopo mmoja. Maombi yameshachujwa na watu watano wameitwa. Kama nafasi yako ni ya muuguzi, mwalimu au dereva, maswali yatabadilika lakini njia ni ileile.

Anza na kazi yenyewe

Tangazo la kazi halitoshi, maana matangazo mengi yananakiliwa kutoka tangazo la mwaka juzi. Kaa nusu saa na mtu anayeifanya kazi hiyo au anayeisimamia, umuulize swali moja: afisa mikopo aliyewahi kuwaangusha, aliwaangushia wapi? Kwenye SACCOS yetu meneja alitaja mambo manne bila kufikiri sana. Kuna aliyepitisha mikopo bila kupiga hesabu ya mshahara. Kuna aliyeona aibu kudai marejesho. Kuna aliyeshindwa kumkatalia kiongozi. Na kuna aliyewajibu wanachama kwa maneno ya kitabuni hadi wakaondoka wamekasirika.

Hayo manne ndiyo maswali yako. Usiongeze la tano kuhusu "udhaifu wako ni upi" au "unajiona wapi baada ya miaka mitano". Maswali hayo yana majibu ya kukariri, na hakuna anayejua ampe alama ngapi mtu anayesema udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi.

Hapohapo amueni uzito. Meneja alisema kosa la hesabu ndilo linalozaa mikopo chechefu, kwa hiyo swali la kwanza likahesabiwa mara mbili. Kila swali lina alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla ya juu ni 25. Tukaweka na sakafu: mwenye wastani chini ya 3 kwenye swali la hesabu hachukuliwi, hata akishinda mengine yote. Uzito na sakafu huandikwa na kusainiwa kabla ya siku ya usaili. Mkisubiri hadi wasailiwa wamekwishaonekana, kila mmoja atapanga uzito wa kumbeba mtu wake, wala hatajua kwamba anafanya hivyo.

Andika maswali manne, na andika jibu la kila ngazi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kuandika swali kunachukua dakika tano, ila kuandika jibu la alama 1, la 3 na la 5 linavyosikika kunaweza kula asubuhi nzima. Wengi wanaishia kuandika "hafifu, wastani, nzuri sana" kisha wanadhani wana karatasi ya alama. Hawana, kwa sababu "nzuri sana" yangu na yako ni vitu viwili. Ngazi inapaswa kutaja kitu ambacho msailiwa amekisema au hakukisema.

Swali la kwanza tulilifanya zoezi la karatasi. Msailiwa anapewa kikokotoo na hati ya mshahara ya kubuni ya mwanachama. Mshahara wa msingi ni shilingi 900,000, na baada ya makato yote anapokea 420,000 mkononi. Akiba yake kwenye chama ni 1,100,000. Anaomba mkopo wa 3,000,000 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayopigwa juu ya mkopo wote. Masharti ya chama yameandikwa juu ya karatasi: mkopo usizidi mara tatu ya akiba, na mwanachama abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Chini kuna majina mawili ya wadhamini, na mbele ya mmoja imeandikwa kwamba marejesho yake yamechelewa miezi miwili. Dakika nane, halafu aeleze angefanya nini na ombi hilo.

Kwanza piga hesabu mwenyewe. Mara tatu ya akiba ni 3,300,000, kwa hiyo upande wa akiba ombi linapita. Theluthi ya mshahara ni 300,000, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kukatwa ni 120,000 kwa mwezi. Rejesho la mkopo huu ni 125,000 ya mkopo na 30,000 ya riba, yaani 155,000. Haliingii. Ukiurefusha hadi miezi 36, rejesho linashuka hadi takribani 113,300 na linaingia, ila riba yote inapanda kutoka 720,000 hadi 1,080,000.

Ngazi zetu zikawa hivi:

- 1: Anaangalia akiba peke yake na kupitisha ombi, au anashindwa kufikia uamuzi.
- 3: Anagundua kwamba rejesho linazidi kinachoruhusiwa kwenye mshahara, na anakataa au anapunguza mkopo.
- 5: Anaitaja nafasi ya 120,000, anapendekeza muda mrefu zaidi au kiasi kidogo kwa hesabu sahihi, anasema mwanachama aelezwe gharama ya riba inayoongezeka, na anamtilia shaka mdhamini mwenye deni.

Alama 2 na 4 ni za jibu lililoangukia katikati. Hatukuziandikia maelezo, na haikutusumbua.

Swali la pili linauliza jambo lililokwisha kutokea: "Tueleze mara moja ulipomdai mtu aliyechelewa kulipa au kurudisha kitu. Ulifanya nini, na iliishaje?" Ongeza kwa sauti kwamba mfano wa kikoba, duka la nyumbani au chama cha wanafunzi unakubalika. Bila maneno hayo, kijana aliyetoka chuo atadhani anaulizwa juu ya benki, ataishia kusema hana uzoefu, nawe utakuwa umepima wasifu wake badala ya uwezo wake.

La tatu ni la kubuni: "Mjumbe wa bodi anakupigia simu jioni. Ana dharura na anataka mkopo wake utoke kesho asubuhi kabla kamati ya mikopo haijakaa. Utafanya nini?" Alama 1 ni ya anayekubali, au anayemtupia meneja uamuzi wote. Alama 3 ni ya anayekataa kwa heshima akitaja utaratibu, akaishia hapo. Alama 5 ni ya anayekataa, akampa njia halali, kwa mfano kujaza fomu usiku huohuo au kuomba mkopo wa dharura kama chama kinao, kisha akaiandika simu ile na kumjulisha meneja.

La nne ni igizo la dakika nne. Mjumbe mmoja wa jopo anakuwa mdhamini ambaye akiba yake imekatwa kulipa deni la rafiki aliyeacha kazi, na anafungua kwa maneno yaleyale kwa kila msailiwa: "Mbona mmekula akiba yangu bila kuniambia?" Mwigizaji awe mtu mmoja siku nzima, na mistari yake mitatu iwe imeandikwa. Kwenye saili moja mwigizaji alianza kuchoka kufikia msailiwa wa nne, akawa mpole, na tukagundua tumempima huyo wa nne kwa mtihani mwepesi.

Maswali yote manne yaulizwe kwa lugha ya kazi. Kaunta ya SACCOS hii inazungumza Kiswahili, basi usaili uwe wa Kiswahili. Nimeona majopo yanayouliza kwa Kiingereza kazi ambayo mteja wake hatasema neno la Kiingereza, kisha yanampa alama za hesabu mwenye lafudhi nzuri.

Jopo na siku yenyewe

Watu watatu wanatosha. Kwetu walikuwa meneja, mjumbe mmoja wa kamati ya mikopo, na mhasibu kutoka nje ya chama asiyemjua mwombaji yeyote. Wiki moja kabla, kila mjumbe anaandika kama ana undugu, urafiki au biashara na yeyote kati ya walioitwa. Mwenye undugu anakaa pembeni kwa usaili wote, si kwa mtu wake tu, kwa sababu anayewapima wapinzani wa ndugu yake ana maslahi vilevile. Kimemo nacho kina dawa yake: mtu akikupigia simu "kukukumbusha" kijana fulani, ripoti hiyo simu kwa wenzako na iandikwe kwenye kumbukumbu za jopo. Mara nyingi ukimwambia mpigaji kwamba utaiandika, simu inakatika.

Fanyeni jaribio moja. Mwiteni mfanyakazi wa idara nyingine ajifanye msailiwa, kila mjumbe ampe alama kimya, kisha linganisheni. Kama kwenye swali moja mmetoa 2, 3 na 5, ngazi zenu hazijaandikwa vizuri. Zirekebisheni siku hiyo, si mbele ya mtu anayetafuta kazi.

Kwa kila msailiwa tenga dakika 45, yaani 30 za kuzungumza na 15 za jopo kuandika alama na kupumua. Watano wakianza saa 3:00 asubuhi, na mapumziko ya dakika 20 baada ya wa tatu, mnamaliza saa 7:05 mchana. Aliyemaliza atokee mlango mwingine au asindikizwe hadi getini. Akirudi kwenye benchi la kusubiri, maswali yamevuja, na wa tano atakuwa ameshapiga hesabu ya theluthi kabla hajaingia. Wapangie zamu kwa kura. Aliyetoa taarifa mapema kwamba ana uoni hafifu apewe karatasi ya herufi kubwa na dakika za ziada; zoezi linabaki lilelile.

Msailiwa akiingia, mkaribisheni, mpeni maji, mwelezeni kwamba kutakuwa na maswali manne yaleyale kwa kila mtu na kwamba mtaandika sana. Muacheni ajitambulishe kwa dakika mbili. Utambulisho huo hauna alama, ni wa kumtuliza tu.

Kisha mtu mmoja asome swali kama lilivyoandikwa. Maswali ya kufuatilia ni matatu tu, na tuliyaandika pia: "Wewe mwenyewe ulifanya nini?", "Ikaishaje?", "Kuna lingine ungeongeza?" La kwanza lina umuhimu wa pekee kwetu. Watu wengi waliolelewa vizuri huona haya kusema "mimi nilifanya", wanasema "tulifanya", "tukamwendea", hata kama alikwenda peke yake. Ukimkata alama kwa hiyo "tu", unamwadhibu kwa adabu. Muulize.

Kuna mambo ambayo hayaulizwi kabisa, hata wakati wa kumpa maji: ameolewa, ana watoto wangapi, ana mimba, kabila lake, anasali wapi. Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi hiyo na mingine. Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamlinda hata anayeomba kazi. Kama kazi inadai safari za vijijini, sema hivyo: "Kazi hii ina safari za siku tatu kila mwezi, utaweza?" Na waulizwe wote, wanaume kwa wanawake.

Andika maneno, kisha toa alama kimya

Kwenye karatasi ya kila mjumbe, upande mpana ni wa kuandika aliyoyasema msailiwa, na kisanduku kidogo cha alama kiko pembeni. Andika maneno yake, si maoni yako. "Anajiamini" ni maoni. "Alisema angempigia meneja amshauri" ni ushahidi. Tofauti hii mtaihitaji baada ya saa tatu, wakati sura za watu watano zimeshachanganyika kichwani.

Msailiwa akitoka, hakuna kusema kitu. Hata "duh!" haitakiwi. Kila mtu anasoma alichoandika, anakilinganisha na ngazi, anatoa alama, anaigeuza karatasi chini. Nimewahi kukaa na mwenyekiti aliyekuwa akishusha pumzi tu mlango ukifungwa, na pumzi ile ilitosha kushusha alama za wajumbe wawili wadogo kwa cheo.

Alama zenyewe zina dalili za ugonjwa. Mjumbe aliyempa kila mtu 3 kila mahali hajapima, ameogopa. Mjumbe aliyempa mtu mmoja 5 nne mfululizo huenda amependa jibu la kwanza likamfunika macho kwa yaliyofuata. Warudishe wote wawili kwenye maandishi yao.

Mfano wa mabishano

Msailiwa wa pili alikuwa msemaji hodari. Kwenye swali la mjumbe wa bodi, meneja alimpa 5, mjumbe wa kamati 4, mhasibu 2. Kanuni yetu ilisema tofauti ya alama mbili au zaidi kwenye swali moja lazima ijadiliwe, na aliyetoa alama ya chini aanze kusema. Majadiliano yanafanyika wasailiwa wote wakishamaliza, tena kwa swali: majibu ya wote watano kwa swali la kwanza, kisha la pili, kuendelea. Mkienda mtu kwa mtu, mtajikuta mnajadili watu.

Mhasibu akasoma: "Ningemweleza kwa heshima kwamba taratibu haziruhusu, halafu ningempigia meneja anishauri." Meneja akatazama karatasi yake, ilikuwa na maneno mawili, "ana msimamo". Ngazi ya 5 inataka njia halali na kumbukumbu ya maandishi, na hakuna aliyekuwa ameyaandika hayo. Meneja akashuka hadi 3. Mhasibu naye akakiri kwamba kukataa kwa heshima kumefika ngazi ya 3, akapanda. Wa kamati akabaki na 4 yake. Si lazima wote wafanane. Alama ya zamani haifutwi, inapigwa mstari mmoja ili isomeke, na sababu inaandikwa pembeni.

Hizi hapa ni jumla za alama za wajumbe watatu kwa wasailiwa watatu walioongoza, baada ya majadiliano:

| Msailiwa | Hesabu | Kudai | Kiongozi | Mdhamini | Jumla baada ya uzito |
|---|---|---|---|---|---|
| Wa kwanza | 12 | 13 | 10 | 11 | 19.33 |
| Wa pili | 3 | 11 | 10 | 13 | 13.33 |
| Wa nne | 14 | 11 | 12 | 8 | 19.67 |

Jumla inapatikana kwa kuzidisha safu ya hesabu mara mbili, kujumlisha na nyingine, kisha kugawa kwa wajumbe watatu. Kwa wa nne ni 28 + 11 + 12 + 8 = 59, na 59 gawa kwa 3 ni 19.67.

Wa pili alianguka kwenye sakafu: 3 gawa kwa 3 ni 1.00. Alikuwa amepitisha mkopo kwa kuangalia akiba. Tungekuwa tunauliza kila mtu lake, naamini yeye ndiye angepata kazi, kwani igizo la mdhamini alilifanya vizuri kuliko wote.

Wa kwanza na wa nne wanatofautiana kwa theluthi ya alama. Hiyo ni alama moja ya mjumbe mmoja kwenye swali moja, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba mmoja ni bora kuliko mwingine kwa sababu ya nukta. Walikuwa sawa. Tulikuwa tumeandika mapema kwamba wakikaribiana kwa chini ya alama moja, atatangulia mwenye wastani mkubwa kwenye hesabu. Wa nne alikuwa na 4.67, wa kwanza 4.00. Tukawapigia wadhamini wa ajira wa wa nne, tukawauliza mambo yaleyale manne, na wa kwanza akawekwa akiba. Kwa kuwa wa nne alipata 8 kwenye igizo, meneja akapanga akae kaunta na afisa mzoefu kwa mwezi wa kwanza.

Usaili wa namna hii una mipaka yake. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walichapisha mapitio mapya ya tafiti za miongo mingi kuhusu vipimo vya kuajiri. Usaili wenye muundo ulitoka wa kwanza, kwa uwiano wa 0.42 na utendaji kazini, huku usaili wa kuzungumza ovyo ukipata 0.19. Lakini 0.42 bado iko mbali na 1, ambayo ingekuwa ubashiri usiokosea. Uaminifu, kwa mfano, haupimiki kwa dakika 30, na mtu anaweza kujibu swali la mjumbe wa bodi vizuri kisha akainama siku simu halisi ikilia. Muda wa majaribio kazini upo kwa ajili hiyo.

Baada ya usaili

Karatasi zote, pamoja na zilizopigwa mistari, ziingie kwenye faili moja lenye kufuli. Zina taarifa binafsi za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo zisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la jopo. Amueni zitatunzwa hadi lini, na zikifika tarehe zichanwe.

Wasiochaguliwa wajulishwe ndani ya wiki, kila mmoja. Msailiwa wa pili alipiga simu kuuliza alikosea wapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kuambiwa kwamba nafasi ilikuwa na mwenyewe. Meneja alifungua faili, akamwambia kwamba igizo lake lilikuwa bora kuliko la wote, na kwamba kwenye zoezi la mkopo hakuigusa theluthi ya mshahara. Kimya kidogo. Halafu kijana akasema, "Ah, kweli. Ile karatasi niliisoma haraka."